Pengo la Bei Kabla ya Oda

Sarafu inayouzwa sokoni huwa na bei mbili kwa wakati mmoja: anayenunua hulipa ile ya juu, anayeuza hupokea ile ya chini. Tofauti kati yake ndiyo pengo. Soko la yuro na dola likiwa limetulia, bei huweza kuwa 1.0850 na 1.0851. Kwa yuro 100,000, pengo hilo ni dola 10.

Takwimu za ajira za Marekani hutolewa saa 2:30 asubuhi kwa saa za New York, mara nyingi siku ya Ijumaa. Muda mfupi kabla yake, wanaotoa bei huondoa oda zao, maana hakuna anayetaka kunaswa na bei iliyopitwa. Tuseme bei sasa ni 1.0845 na 1.0856. Bei ya kati haijasogea hata kidogo, kwa hiyo programu inayoitazama hiyo peke yake haioni lolote. Ikinunua na kuuza papo hapo, imepoteza dola 110.

Kabla ya kutuma oda, programu isome upya bei zote mbili, kisha ilinganishe pengo na lile la katikati katika orodha ya mapengo ya dakika chache zilizopita. Likizidi mara tatu, isubiri. Wastani wa kujumlisha na kugawanya haufai sana hapa, kwani mruko mmoja huupandisha na tahadhari ikanyamaza. Oda ya kujitoa kwenye hasara iwekewe kikomo kilicholegea zaidi, kwa sababu kuizuia huweza kugharimu kuliko pengo lenyewe.