Picha Kushoto, Sauti Kulia

Wengi wanaotengeneza video ya kwanza ya maelezo huandika kila kitu kama insha, wakarekodi sauti, ndipo wanapoanza kujiuliza mtazamaji aone nini. Watengenezaji wa matangazo ya biashara na vipindi vya makala huepuka tabu hiyo kwa kuandika mswada wa safu mbili. Safu ya kushoto hubeba kila kinachoonekana, yakiwemo maandishi ya kwenye kioo. Ya kulia hubeba kila kinachosikika: msimulizi, muziki, milio, hata kimya. Mambo yanayotokea kwa wakati mmoja hukaa kwenye mstari mmoja.

Tuchukue video ya kumfundisha mzazi kuandaa maji ya chumvi na sukari kwa mtoto anayeharisha, pale ambapo pakiti za dawa hiyo hazipatikani. Mwandishi mgeni ataandika kulia: “Chukua maji safi lita moja, weka sukari vijiko sita na chumvi nusu kijiko, kisha koroga.” Kushoto ataandika: “Mama anaandaa maji.” Sauti imetaja vitendo vinne, picha ina kimoja. Tena picha hiyo haijibu maswali yatakayomsumbua mzazi jikoni. Kijiko kipi, cha chai au cha chakula? Kijae kichuguu au kiwe bapa? Chupa ipi, wakati madukani zipo za lita moja na za lita moja na nusu? Chumvi ikizidi humdhuru mtoto, kwa hiyo hapa picha ndiyo inayobeba usalama wa somo.

Mstari ule ukivunjwa, mswada unakuwa hivi:

| PICHA | SAUTI |
|---|---|
| 1. Karibu: chupa ya maji, lebo ya “lita 1” inasomeka. Mkono unamimina maji yote kwenye jagi. | MSIMULIZI: Pima maji safi na salama, lita moja kamili. (Mlio wa maji) |
| 2. Kutoka juu: kijiko cha chai chenye sukari, kisu kinakisawazisha. Vijiko vinamiminwa kimoja kimoja. MAANDISHI: Sukari, vijiko 6 bapa | MSIMULIZI: Weka sukari, vijiko vya chai sita. (Kimya, sekunde 8) |
| 3. Karibu sana: chumvi nusu kijiko, bapa, inamiminwa. MAANDISHI: Chumvi, nusu kijiko | MSIMULIZI: Chumvi ni nusu kijiko tu. Usizidishe. (Kimya, sekunde 4) |
| 4. Karibu: kijiko kinakoroga mpaka chembe zinatoweka. | MSIMULIZI: Koroga mpaka viyeyuke. |

Tazama mstari wa tatu. Msomaji mtulivu husema takriban maneno mawili kwa sekunde, kwa hiyo maneno yake sita yanakwisha kwa sekunde tatu. Lakini kuchota chumvi, kuisawazisha na kuimimina huchukua kama sekunde saba. Bila kimya kilichoandikwa, mhariri atakata picha kabla chumvi haijafika kwenye jagi, au msimulizi atajaza pengo kwa maneno yasiyohitajika. Kwa hiyo usikadirie urefu kwa macho: soma safu ya kulia kwa sauti ukiwa na saa ya simu, ukiigiza kwa mikono kinachotendeka kushoto.

Kosa jingine ni kuandika kushoto jambo ambalo kamera haiwezi kuliona. “Upungufu wa maji mwilini” hauwezi kupigwa picha. Midomo iliyokauka na macho yaliyodidimia yanaweza, na kwa heshima ya mtoto mgonjwa ni bora yachorwe. Kila unapokwama kushoto, mara nyingi sentensi ya kulia ndiyo iliyo ya jumla mno. Irudie mpaka itaje kitu chenye umbo.

Mswada ukikamilika, funika safu ya kulia kwa karatasi, umpe mtu asiyejua somo asome picha peke yake. Kama anaweza kueleza vipimo bila kuuliza, video itamfaa hata anayetazama simu ikiwa kimya. Kisha funika kushoto, umsomee sauti tu. Hapa mstari wa pili unashindwa, kwa kuwa msimulizi hakusema kwamba vijiko viwe bapa. Neno moja linaongezwa na kasoro inakwisha.

Tumia jedwali halisi la kompyuta, wala si nafasi zilizosukumwa kwa kidole, ili ukiongeza maneno upande mmoja, upande wa pili usipotezane nao. Katika Microsoft Word, ondoa alama kwenye Allow row to break across pages, mstari usikatwe katikati ya kurasa mbili. Namba za mistari nazo zibaki, maana utarekodi kwa kufuata mahali na si kwa mpangilio wa video: mistari yote ya mezani hupigwa kwa pamoja, kisha mhariri huipanga kwa namba.

Usiwashe kamera kama kuna chumba hata kimoja cha kushoto kilicho tupu.