Barua fupi, jalada nene: kufuta ofa ya kazi wadhamini wanaposema vingine

Tuchukue mfano wa kubuni. Shamba la katani karibu na Korogwe linatafuta mtunza stoo wa marobota yanayotoka korona. Limesaili watu wanne, likamchagua kijana kutoka Handeni, na tarehe 3 Machi likampa barua ya ofa: mshahara shilingi 600,000 kwa mwezi, aanze kazi tarehe 1 Aprili. Kijana akasaini kukubali siku ya pili yake, akaacha kibarua alichokuwa nacho, akalipa kodi ya chumba Korogwe miezi sita mbele, shilingi 60,000 kila mwezi. Wiki mbili baadaye ofisi ya rasilimali watu inawapigia simu wadhamini aliowataja. Mmoja anasema alikuwa mchapakazi. Wa pili, msimamizi wake wa zamani, anasema kijana aliondoka kampuni ikiwa bado inachunguza upungufu wa mali stoo, na kwamba aliondoka Januari, si Juni kama alivyoandika kwenye wasifu wake. Meneja anataka ofa ifutwe leo. Swali la kumuuliza meneja huyo ni moja: barua ya tarehe 3 Machi ilisemaje?

Waajiri wengi huanza kwa kupima uzito wa kosa, yaani wizi ni mkubwa kiasi gani, uongo ni mkubwa kiasi gani. Mimi naona wanaanzia pasipo. Kinachomlinda mwajiri si ubaya wa habari aliyoipata. Ni sharti aliloliandika kabla hajaipata, na uchache wa maneno anayoyatumia baada ya kuipata. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inaruhusu aliyetoa pendekezo kulifuta wakati wowote kabla ukubali haujakamilika dhidi yake, na ukubali huo hukamilika mara tu mwenzake anapoutuma kwa namna ambayo hawezi tena kuuzuia. Kijana wetu alisaini na kurudisha barua tarehe 4 Machi. Kuanzia hapo hakuna tena "ofa" ya kufutwa, hata kama midomo yetu inaendelea kuiita hivyo. Kama barua haikuweka sharti lolote, kilichopo ni mkataba, na kinachofanywa na meneja ni kuuvunja. Kama barua ilisema ajira inategemea taarifa za wadhamini zitakazomridhisha mwajiri, mkataba ule ulifungwa ukiwa na sharti ndani yake, na sharti lisipotimia mwajiri ana pa kusimama.

Wapo watakaosema ninatisha watu bure, kwa kuwa mtu ambaye hajaripoti kazini hana haki za mfanyakazi. Hoja hiyo ina ukweli nusu, na nusu hiyo ndiyo inayopoteza watu. Ni kweli kwamba Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inawaondoa wenye utumishi wa chini ya miezi 6 kwenye ulinzi dhidi ya kuachishwa kazi isivyo haki, kwa hiyo kijana wetu hatapata fidia ya miezi mingi inayowatia waajiri hofu. Lakini sheria hiyohiyo inamtafsiri mfanyakazi kama mtu aliyeingia mkataba wa ajira. Haisemi lazima awe ameshika ufunguo wa stoo. Madai ya kuvunjwa mkataba yanabaki. Kwa mfano wetu, bila sharti kwenye barua, kianzio cha hesabu ni mshahara wa muda wa notisi, tuseme mwezi mmoja, shilingi 600,000, na kijana anaweza kujaribu kuongeza hasara iliyotokana moja kwa moja na kuvunjwa huko, kama kodi ya shilingi 360,000 ambayo mwenye nyumba amekataa kuirudisha. Jumla inafika 960,000, na itapungua akipata kazi nyingine haraka au ikionekana hakujitahidi kupunguza hasara yake. Si fedha ya kufilisi shamba. Hatari iliyo nzito zaidi iko kwenye ubaguzi.

Katika kifungu kinachokataza ubaguzi, neno mfanyakazi linamjumuisha hata mwombaji wa kazi, na hapo kikomo cha miezi 6 hakimsaidii mwajiri. Sababu zilizokatazwa ni pamoja na kabila au mahali mtu anapotoka, dini, mawazo ya kisiasa, jinsia, ujauzito, hali ya ndoa, ulemavu, umri na maambukizi ya Virusi vya Ukimwi. Mlalamikaji akionesha picha ya awali kwamba alibaguliwa, mzigo wa kuthibitisha kwamba hakubaguliwa unahamia kwa mwajiri. Sasa fikiria maneno ya wadhamini jinsi yanavyotoka kwenye simu. "Dada ni mzuri, ila kila mwaka yuko likizo ya uzazi." "Huyo? Mchochezi tu." Katika mashamba ya katani neno mchochezi mara nyingi maana yake ni mtu aliyekuwa kiongozi wa tawi la chama cha wafanyakazi, na sheria inakataza kumbagua mfanyakazi kwa sababu ya uanachama au shughuli halali za chama. Mwajiri aliyefuta ofa kwa kusikia neno hilo ameipokea sababu iliyokatazwa kutoka kwa mtu mwingine na kuifanya yake. Taarifa ya namna hiyo haina budi kuandikwa kama ilivyosemwa, kisha kuandikwa wazi kwamba haikuzingatiwa. Na kama hakuna kingine kilichobaki baada ya kuiondoa, basi mdhamini huyo hakusema lolote la kufuta ofa.

Nimetaja taarifa "zitakazomridhisha mwajiri", na maneno hayo mawili yana thamani yake. Mwaka 1990 Mahakama ya Rufani ya Uingereza ilishughulikia ofa iliyotolewa na chama cha kitaifa cha ofisi za ushauri kwa raia kwa sharti la kupokea taarifa za maandishi za wadhamini zenye kuridhisha. Taarifa zikaja na habari za kukosekana kazini kwa ugonjwa, ofa ikafutwa. Mahakama ilielekea kuona kwamba, kwa jinsi sharti lilivyoandikwa, kipimo ni kama mwajiri mwenyewe ameridhika kwa nia njema, si kama mtu mwingine mwenye busara angeridhika. Uamuzi huo hauzifungi mahakama zetu, ila unaweza kuzishawishi, na unaonesha kwa nini "wadhamini wazuri" ni sharti legelege kuliko "wadhamini watakaoturidhisha sisi". Unaonesha pia mpaka wake: nia njema. Mwajiri aliyewapigia simu wadhamini wa mwombaji mmoja tu kati ya wanne, au aliyeanza kutafuta kasoro baada ya mtoto wa bosi kuomba nafasi ileile, hana cha kujifunikia katika sharti hilo.

Ndiyo maana kabla ya barua yoyote kuandikwa, jalada lijazwe. Nani alipiga simu, saa ngapi, kwa namba ipi, mdhamini ana cheo gani, maswali yapi yaliulizwa na majibu yalikuwaje, kwa maneno ya mdhamini mwenyewe. Kisha yatenganishwe mambo ambayo tumezoea kuyachanganya. Tarehe ya kuondoka kazini inaweza kuthibitishwa kwa cheti cha utumishi ambacho mwajiri anatakiwa kumpa kila anayeondoka. Hilo ni jambo la kweli au si kweli. "Alikuwa anachunguzwa" ni habari isiyokamilika, kwa kuwa uchunguzi ambao haujaisha haujamtia mtu hatiani. Na mdhamini anayekataa kusema zaidi ya tarehe na cheo hajasema vibaya. Kampuni nyingi huo ndio utaratibu wao. Tangu uhakiki wa mwaka 2017 ulipowabaini watumishi wa umma 9,932 kuwa na vyeti vya kughushi, watu wetu wamezoea kuuona ukaguzi wowote kama msako wa vyeti feki, lakini cheti hupelekwa Baraza la Mitihani na jibu likaja ni halali au si halali. Mdhamini ni binadamu, ana kumbukumbu zake na visasi vyake. Kwa sababu hiyo mpigie kijana simu kabla ya kuamua, umweleze kwamba tarehe hazilingani, umpe siku mbili ajibu. Sheria haikulazimishi hapa kama inavyolazimisha kwa mfanyakazi wa muda mrefu, lakini huenda Juni aliyoiandika ni mwezi aliolipwa stahiki zake za mwisho.

Tuseme amejibu, na jibu halikutosha. Barua inaweza kusema hivi: "Ofa yetu ya tarehe 3 Machi ilikuwa na sharti la kupokea taarifa za wadhamini zitakazoturidhisha. Tumezipokea na kuzipima, pamoja na maelezo yako ya tarehe 20 Machi, na hatukuridhika nazo kwa nafasi hii. Kwa kuwa sharti hilo halikutimia, ajira haitaanza." Basi. Sentensi hizo zinamzungumzia mwajiri: sisi hatukuridhika. Ukiandika "imebainika wewe si mwaminifu" au "ulihusika na upotevu wa mali", umehama kutoka kwenye uamuzi wako kwenda kwenye tuhuma juu yake, tuhuma ambayo hukuichunguza na hutaweza kuithibitisha, na nakala ikisomwa na karani, dereva na mwenyekiti wa kamati, umefungua mlango wa madai ya kashfa. Usiandike pia sababu ya kupamba, kama "nafasi imesitishwa kwa ufinyu wa bajeti", halafu wiki inayofuata tangazo la nafasi ileile likabandikwa. Sababu ya uongo ikigundulika, sababu ya kweli nayo haitaaminika tena.

Hapa panakuja pingamizi lenye nguvu zaidi: barua fupi namna hii si kumficha mtu ukweli unaomharibia riziki? Naona ni kweli kwa sehemu, na jibu halipo kwenye kurefusha barua. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inampa mtu haki ya kujua taarifa zake zinazoshikiliwa na kuomba zirekebishwe zikiwa na makosa. Kijana akiomba, kilichoandikwa jaladani juu yake kinaweza kutakiwa. Kwa hiyo fomu ya maombi ipate ridhaa yake ya kuwasiliana na wadhamini, na anayepiga simu asimwahidi mdhamini siri isiyovunjika, maana ahadi hiyo hana mamlaka ya kuitoa.

Wengine hushauri njia ya mkato: mwache aanze, umwondoe kipindi cha majaribio. Hiyo ni kumkabidhi stoo mtu usiyemwamini, kumlipa, kisha kumpa notisi, ambayo ndani ya mwezi wa kwanza ni angalau siku 7 na baada ya hapo ni siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi, na wakati huo kijana amezidi kuzama kwenye gharama za Korogwe. Kilicho bora ni kubadili mpangilio wa kazi: simu za wadhamini zipigwe kabla ya barua ya ofa, au barua iseme wazi kwamba mwombaji asiache kazi yake wala kuhama hadi apate uthibitisho wa maandishi. Mstari huo mmoja ungemwokolea kijana wa Handeni kodi ya miezi sita. Barua ikishatoka, jalada lisichanwe: mgogoro usiohusu kuachishwa kazi hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 60, na Tume inaweza kumpokea aliyechelewa akionesha sababu ya msingi.