Kreatini na Uchovu Unaokataa Kuondoka

Vijana wa jimu wanaijua kreatini kwa miaka mingi: unga mweupe usio na harufu, unaokorogwa katika maji na kunywewa na anayetaka kunyanyua chuma kizito zaidi. Siku hizi wameanza kuiulizia watu wa aina nyingine kabisa. Ni wale waliougua UVIKO-19 au homa nyingine ya virusi, wakapona kwa vipimo, lakini mwili haukurudi. Ngazi za ghorofa moja zinawamaliza. Wakifua nguo asubuhi, kesho yake hawainuki kitandani.

Swali la wagonjwa hawa lina mantiki, na kuielewa inabidi kwanza tujue kreatini inafanya nini mwilini. Kila seli inaendeshwa na kemikali iitwayo ATP, na msuli unaofanya kazi kwa nguvu humaliza ATP yake katika sekunde chache tu. Mitambo inayotengeneza ATP nyingine kutokana na chakula na hewa, yaani mitokondria, inahitaji muda. Katika pengo hilo ndipo kreatini inapoingia. Ni kama mfanyabiashara mwenye fedha benki: fedha ipo, lakini mteja akisimama mbele yake akidai chenji, kinachomwokoa ni noti ndogo zilizo mfukoni. Kreatini iliyobeba fosfati ndiyo noti hizo. Huitoa fosfati yake papo hapo na ATP ikarudi. Takriban asilimia 95 ya kreatini yote imo katika misuli, na sehemu ya iliyobaki imo katika ubongo, ambao nao hauna subira na nishati.

Mwili hupoteza karibu gramu 2 za kreatini kila siku. Karibu nusu ya pengo hilo hujazwa na ini na figo, ambazo huitengeneza zenyewe, na nusu nyingine hutoka katika nyama na samaki. Kwa hiyo mgonjwa aliyekaa miezi bila hamu ya kula, halafu hatembei, ana sababu mbili za kuwa na akiba ndogo. Watafiti wa Novi Sad, nchini Serbia, wakiongozwa na Sergej Ostojic, waliwapima watu wenye uchovu wa baada ya UVIKO kwa mashine ya sumaku inayoweza kusoma kemikali ndani ya tishu bila kumchoma mtu sindano. Walikuta kreatini katika misuli na ubongo iko chini ya kiwango cha kawaida. Hapo wakajiuliza: tukiirudisha, uchovu utaondoka?

Jaribio lao lililochapishwa mwaka 2023 ndilo linalotajwa zaidi, kwa hiyo tulitazame kwa karibu. Wagonjwa walikuwa 12. Kwa bahati nasibu, baadhi walipewa gramu 4 za kreatini kila siku kwa miezi 6, na wengine wakapewa inulini, unga wa nyuzi za mimea usioongeza kreatini, ili kulinganisha. Gramu 4 ni kijiko cha chai kisichojaa sana. Kuzipata katika chakula ungelazimika kula karibu kilo nzima ya nyama mbichi ya ng'ombe kwa siku.

Jambo la kwanza lililoonekana halina utata: kreatini iliingia. Kiwango kilipanda katika msuli wa paja na katika sehemu za ubongo, na kilipanda kuliko kwa wale wa inulini. Hilo si dogo, kwa sababu ubongo unajulikana kwa kuikawiza kreatini mlangoni. Jambo la pili ni kwamba baada ya miezi 3 waliokunywa kreatini waliripoti uchovu mdogo kuliko walipoanza. Kufikia mwezi wa 6, maumivu ya mwili, shida ya kupumua, kichwa kuuma na kushindwa kutuliza mawazo vilikuwa vimepungua pia.

Sasa rudi usome tena maneno haya: kuliko walipoanza. Nafuu ya uchovu ilipimwa kwa kumlinganisha mgonjwa na yeye mwenyewe wa zamani. Uchovu wa baada ya virusi una tabia ya kupanda na kushuka, na wengi hupata nafuu kadiri miezi inavyopita, wakinywa kitu au wasinywe. Kinachoweza kutenganisha kazi ya kreatini na kazi ya muda ni tofauti kati ya makundi mawili, na tofauti hiyo ilionekana wazi kwenye kiasi cha kreatini ndani ya tishu. Kwa watu 12, mmoja akiamka vizuri au vibaya wiki ya kipimo, wastani wa kundi zima unayumba. Mimi naisoma kazi hii hivi: imethibitisha kwamba unga unafika unakotakiwa; kwamba unamwondolea mgonjwa uchovu, imetoa dalili tu.

Kundi hilohilo baadaye lilifanya jaribio la wiki 8 kwa wagonjwa 15, baadhi wakipewa gramu 8 za kreatini kwa siku, wengine wakichanganyiwa na glukosi kidogo, na waliopata mchanganyiko huo waliripoti nafuu ya dalili kadhaa. Wakigawanywa makundi matatu, wagonjwa 15 ni watu watano watano.

Kuhusu nguvu ya misuli, fununu nzuri ilitoka Oxford mwaka 2024. Huko wagonjwa wa ugonjwa wa uchovu sugu, ambao kwa wengi huanza baada ya maambukizi, walipewa gramu 16 kwa siku kwa wiki 6. Hawakufika watu 15. Kreatini ilipanda katika ubongo, uchovu ukapungua, wakajibu haraka zaidi katika mtihani wa umakini, na mkono ukabana kwa nguvu zaidi kwenye kipimo cha kubana. Lakini kila mmoja alijua anakunywa nini, na hapakuwa na kundi la kulinganisha. Mtu anayebana kifaa kwa mara ya pili, akitarajia kuwa na nguvu, hubana kwa bidii zaidi.

Anayetaka kujaribu ajue mambo mawili ambayo muuzaji huenda asimwambie. Kreatini mwilini huvunjika na kuwa kreatinini, ileile inayopimwa katika damu kukagua figo. Mtu anayekunywa unga huu anaweza kutoka na kipimo kilichopanda ilhali figo zake ni nzima, na daktari asiyejua akamwanzishia safari ya bure. Mwambie kabla ya kutolewa damu. Ipo pia njia ya kupima figo kwa sistatini C, isiyotegemea kreatinini. Mwenye ugonjwa wa figo, na mjamzito, wasianze bila daktari. Uzito wa mwili unaweza kuongezeka kilo moja au mbili kwa sababu ya maji yanayovutwa ndani ya misuli, na dozi kubwa kwa mkupuo huharisha.

La pili ni zito zaidi. Kwa wanamichezo, kreatini huenda pamoja na mazoezi. Mgonjwa ambaye huanguka siku moja au mbili baada ya kujitahidi asiige hilo. Akijisikia ana nguvu kidogo akaitumia yote siku hiyohiyo, anaweza kulala wiki nzima.

Na kabla ya kununua kopo, nenda kapimwe damu, sukari, tezi ya shingo, kifua kikuu na VVU. Uchovu wa miezi mingi una sababu nyingi ambazo tiba yake inajulikana, na hakuna hata moja kati ya hizo inayotibiwa kwa kreatini.