Hesabu za Duka (3): Kabla Hujaandika "Bei Imeshuka"

Juma lililopita tulijumlisha gharama zote zinazofuatana na bidhaa moja mpaka imfikie mteja. Leo tutazitumia kujibu swali ambalo wenye maduka wengi hulijibu kwa kubahatisha: nikishusha bei, ni lazima niuze kiasi gani zaidi ili nisiwe nimejipunguzia mwenyewe?

Wengi hudhani kwamba punguzo la asilimia 10 hulipwa na ongezeko la mauzo la asilimia 10 hivi. Hapo ndipo hasara inapoanzia. Tuchukue duka la kanga, tulifanyie hesabu hatua kwa hatua.

Mwenye duka anauza doti moja kwa shilingi 20,000. Yeye ameinunua kwa 13,200, ameisafirisha kwa 500, na mfuko anaomtilia mteja ni 300. Jumla ni 14,000. Kila doti ikitoka, mkononi mwake hubaki 6,000. Hiyo tuiite baki. Kwa mwezi wa kawaida huuza doti 60, kwa hiyo baki yake ya mwezi ni 360,000. Humo ndimo anamotoa kodi ya pango, umeme, mshahara wa msaidizi na riziki yake.

Sasa anataka kupunguza asilimia 10, yaani shilingi 2,000. Doti itauzwa 18,000. Je, aliyemuuzia kanga kwa jumla naye atapunguza? Hapana. Mwenye gari? Hapana. Gharama inabaki 14,000 ileile, na zile 2,000 zote zinatoka kwenye baki, ambayo sasa ni 4,000. Mteja ameona bei imeshuka kwa sehemu moja ya kumi, ilhali mwenye duka amepoteza theluthi nzima ya kinachomlisha.

Ili apate tena 360,000 yake, tunagawanya kwa baki mpya: 360,000 kwa 4,000 ni doti 90. Alikuwa akiuza 60, basi anahitaji nyingine 30. Hilo ni ongezeko la asilimia 50, na akilifikia atakuwa amerudi palepale alipokuwa, bila senti ya ziada. Faida ya punguzo inaanza kwenye doti ya 91.

Asiyetaka kupitia hatua zote atumie kanuni hii fupi:

ongezeko la mauzo = punguzo ÷ (baki ya zamani − punguzo)

Kwa duka letu ni 2,000 ÷ (6,000 − 2,000), yaani nusu. Ukitumia asilimia badala ya shilingi utapata jibu lilelile, ila kwa sharti moja: baki na punguzo vyote vipimwe kwa bei ya kuuzia. Sharti hili wengi hulivunja bila kujua. Mfanyabiashara husema, "Mimi naweka faida ya asilimia 43," akimaanisha 6,000 juu ya zile 14,000 za gharama. Lakini punguzo lake la asilimia 10 limepimwa kwa 20,000. Akizichanganya atatoa 10 katika 43, atapata 33, na kanuni itamwambia kwamba ongezeko la asilimia 30 linatosha, yaani doti 78. Doti 78 kwa baki ya 4,000 ni 312,000. Atafurahia msongamano dukani, kumbe mwezi umepungua 48,000. Kwa bei ya kuuzia, baki yake ni asilimia 30, wala si 43.

Jambo jingine la kuangalia ni jinsi mzigo unavyopanda. Punguzo la asilimia 5 linalitaka duka hili liuze doti 12 zaidi. Asilimia 10 inataka 30. Asilimia 20 haitaki 60, inataka 120, maana baki imeshakuwa 2,000 tu na lazima ziuzwe doti 180 kwa mwezi. Ikifika asilimia 30, baki imekwisha, na hapo hata ukiuza kanga elfu moja huvuni kitu. Ndiyo maana bidhaa zenye baki nyembamba hazivumilii punguzo. Muuza sukari anayebakiwa na shilingi 200 katika kilo, akipunguza 100 tu, lazima auze mara mbili ya alichokuwa akiuza.

Kodi ya pango hatukuiingiza kwenye kanuni kwa sababu haibadiliki, uuze doti 60 au 90. Lakini gharama inayozaliwa na punguzo lenyewe lazima iingie. Akitengeneza bango na kukodi kipaza sauti kwa 80,000, fungu la kurudisha linakuwa 440,000, na doti zinazohitajika ni 110. Vilevile ajiulize mtaji: doti 30 za ziada ni 420,000 za kununulia na kusafirisha mzigo, pamoja na mifuko, kabla mteja hajafika. Asipokuwa nazo, atauza 60 zilezile kwa bei ya chini.

Tuseme punguzo limefanyika, na mwezi huo zimeuzwa doti 95. Baki ni 380,000, imezidi kawaida kwa 20,000. Amefaulu? Bado asishangilie. Kanga si mkate. Aliyeinunua leo kwa sababu ya bei huenda ni yule aliyekusudia kuinunua mwezi ujao kwa ajili ya harusi. Mwezi unaofuata bei inarudi 20,000, zinauzwa doti 45 tu, baki 270,000. Miezi miwili pamoja imeleta 650,000, wakati bila punguzo ingeleta 720,000. Pengo ni 70,000, na mwezi wa kwanza peke yake usingelionyesha. Kwa hiyo pima mwezi wa punguzo pamoja na ule unaoufuata, ukilinganisha na miezi ya kawaida iliyoandikwa. Mali bila daftari hupotea bila habari, na hapa daftari linahitaji safu mbili tu: idadi iliyouzwa na baki iliyopatikana.

Kuna hali moja ambayo kanuni hii haiitawali: mzigo unaokufa. Kalenda zilizobaki mwezi wa Februari hazina "mauzo ya kawaida" ya kulindwa. Pesa ya kuzinunua imeshatoka na haitarudi kwa kuzitunza, kwa hiyo bei yoyote inayozidi gharama ya kuziuza ni afadhali. Lakini hoja hiyo usiihamishie kwenye bidhaa inayotoka kila siku kwa bei yake.

Na anayedhani haya yanawahusu wenye mabango tu, aikumbuke sauti ya mteja: "Niachie kwa kumi na nane, bosi wangu." Kila unapokubali, umetoa punguzo lilelile la asilimia 10, tena kwa mtu ambaye huenda angelipa kumi na tisa. Njia nyepesi ni kumwekea sharti: doti moja ni 20,000, ukichukua tatu nakufanyia 57,000. Hapo umeachia 1,000 kwa kila doti, baki ni 15,000 badala ya 6,000 ya doti moja, na ongezeko la mauzo limo ndani ya bei yenyewe. Angalizo ni moja: aliyekuja akiwa na nia ya kununua tatu, huyo umempunguzia bure.

Basi kabla ya kuandika bango, andika kwanza namba tatu kwenye karatasi: baki ya sasa, baki baada ya punguzo, na idadi ya kuuza. Kisha jiulize kama duka lako limewahi kuuza idadi hiyo hata mwezi mmoja. Kama halijawahi, acha bei ilivyo. Juma lijalo tutapiga hesabu ya kuuza kwa mkopo.