Who na whom: mtego uliomo katika barua rasmi

Mwaka 1921, mwanaisimu wa Marekani Edward Sapir alitabiri katika kitabu chake, Language, kwamba baada ya miaka mia mbili hivi hata mwanasheria msomi hatauliza tena "Whom did you see?" Katika mazungumzo, utabiri huo umekwisha kutimia kwa sehemu kubwa. Wenye lugha yao wengi huuliza "Who did you see?" na hakuna anayeshtuka. Barua za kiofisi, hati za mahakama na tasnifu ndizo bado zinashikilia utaratibu wa zamani.

Kanuni yenyewe ni fupi: "who" ni mtenda, "whom" ni mtendwa au mtu anayetanguliwa na kihusishi. Anayeandika akizoea Kiswahili hujikwaa kwa sababu neno "ambaye" halibadiliki: ambaye alikuja, ambaye nilimwona. Kwetu tofauti hiyo hubebwa na viambishi vya kitenzi. Kipimo rahisi ni kujibu kwa "he" au "him". Jibu likiwa "him", andika "whom".

Baada ya kihusishi hakuna mjadala. Wakili anayeandika "three witnesses, two of whom were absent" hana njia nyingine. "Two of who" humkera hata msomaji asiyejali sarufi. Kihusishi kikisogezwa mwisho, sharti hulegea: "the officer who I spoke to" hupita katika barua pepe, lakini hati rasmi hudai "the officer to whom I spoke".

Makosa mengi, hata hivyo, hufanywa na wanaojitahidi kuandika vizuri. Chukua barua ya kupendekeza mwombaji wa kazi: "the candidate whom we think is honest". Mwandishi ameona "we think" akadhani mwombaji ndiye anayefikiriwa, hivyo ni mtendwa. Ondoa maneno hayo mawili, kisha soma kilichobaki: "the candidate ... is honest". Jibu ni "he is honest", kwa hiyo inahitajika "who". Sasa badili kitenzi: "the candidate whom we consider to be honest". Hapa tunasema "we consider him to be honest", na "whom" ni sahihi. Sentensi mbili zenye maana ileile zinatofautiana kwa sababu ya kitenzi "is" peke yake, ambacho lazima kipate mtenda wake.

Mtego huohuo umo katika "whoever". Katika "Give the form to whoever arrives first", kihusishi "to" humshawishi mtu aandike "whomever". Lakini kinachofuata "to" ni kishazi kizima, na ndani yake kitenzi "arrives" kinadai mtenda. "Whomever" ingefaa katika "Give the form to whomever you choose", kwa kuwa anayechagua ni "you" na mwingine anachaguliwa.