"Uwe wa Kwanza" na "Haba na Haba": Ni Neno Lipi Limfaalo Mtoto?



Maneno tunayowaambia watoto wetu kila asubuhi wanapotoka kwenda shule si maneno matupu. Mtoto huyapima, akayafanya kanuni ya kujihukumia nafsi yake. Katika miji ya Kaskazini Mashariki, kama ilivyo huku kwetu pwani, yako ya namna mbili. Moja husema: uwe wa kwanza, usikubali kupitwa na mtu. Ya pili ni ile ya wazee: haba na haba hujaza kibaba, bandu bandu huisha gogo. Wengi wetu hudhani zote mbili zina lengo moja, ila ya kwanza ina nguvu zaidi. Leo twapenda kuonyesha kuwa si hivyo, na kwamba ile ya kwanza mara nyingi humgeukia mtoto tuliyetaka kumsaidia.

Tuanze na hesabu yenyewe. Tuchukulie darasa la watoto 50 katika shule ya Garissa. Mtoto mmoja apata alama 190 kati ya 500 muhula wa kwanza, akawa wa 30. Muhula wa pili ajitahidi, ajifunze sehemu za hesabu zilizokuwa zikimshinda, apate alama 225. Lakini wenzake nao wamesoma, na watatu waliokuwa nyuma yake wamempita. Sasa ni wa 33. Mtoto huyu ameongeza alama 35, anajua mambo asiyoyajua miezi mitatu iliyopita, na karatasi yasema amerudi nyuma. Kama neno aliloagwa nalo nyumbani ni "uwe wa kwanza", basi juhudi yake imelipwa aibu. Tena hata darasa zima likiongeza alama 35 kila mmoja, wa kwanza atakuwa mmoja tu, na 49 wengine watakuwa wameshindwa.

Hapo ndipo neno hugeuka. Nafasi katika orodha si mali ya mtoto, kwani yategemea wenzake wamefanya nini. Na huko Kaskazini Mashariki yategemea mengi zaidi. Tarehe 22 Novemba 2014 basi lililotoka Mandera lilishambuliwa, wakauawa watu 28, wengi wao wakiwa walimu. Tarehe 2 Aprili 2015 yakafuata mauaji ya Chuo Kikuu cha Garissa, yaliyochukua roho 148. Walimu wengi waliotoka mikoa mingine waliondoka, na shule zikabaki na madarasa yasiyo na mwalimu wa hesabu wala wa sayansi. Kumwambia mtoto wa darasa kama hilo awe wa kwanza nchini, akishindana na mwenzake ambaye mwalimu hakosekani kwake hata siku moja, ni kumpimia kwa pishi asiyoishika yeye.

Mtoto anayedaiwa asichoweza kukimiliki huwa na njia mbili karibu naye. Ya kwanza ni kukata tamaa: huacha kujaribu, ili asemwe mvivu badala ya kusemwa mjinga. Ya pili ni kuiba. Kenya iliiona njia hii ya pili kwa macho yake. Kwa miaka mingi matokeo yalitangazwa kwa orodha za shule bora na watahiniwa bora, na shule zikajivunia alama za A. Orodha hizo zilipigwa marufuku na Wizara ya Elimu mwaka 2014, ingawa tamaa haikuisha. Mtihani wa kidato cha nne wa 2015 ulitoa alama za A 2,685. Mwaka 2016, wizi wa mitihani ulipobanwa sana na usahihishaji kusimamiwa upya, A zilikuwa 141. Hatusemi kila A iliyopotea ilikuwa ya wizi, lakini pengo hilo latosha kutufikirisha.

Wataalamu wa elimu ya nafsi nao wamelichungua jambo lililo karibu na hili. Mwaka 1998 Claudia Mueller na Carol Dweck, huko Marekani, walitoa utafiti juu ya watoto wa darasa la tano. Baadhi walisifiwa kuwa wana akili, wengine wakasifiwa kwa juhudi, kisha wote wakapewa maswali magumu wakashindwa. Waliosifiwa akili walitaka zaidi kujua wenzao wamepata ngapi. Waliosifiwa juhudi walitaka kujua njia ya kuyatatua maswali. Na watoto walipoulizwa alama zao, karibu wanne katika kumi wa wale waliosifiwa akili walitaja alama za juu kuliko walizopata.

Dawa ya jambo hili haiko mbali. Iko katika dugsi za Kisomali za Garissa, Wajir na Mandera, ambazo sisi huziita vyuo. Mtoto huandika aya zake juu ya ubao kwa wino wa makaa, akazisoma mpaka zimkae moyoni. Huenda mbele ya maalim akamsomea bila kuangalia. Akikosea, hurudi na ubao uleule. Akipata, ubao huoshwa, akaandikiwa aya zinazofuata. Katika chuo kimoja yuko aliye Juzuu Amma na yuko aliye Suratul Baqara, nao wamekaa mkeka mmoja. Maalim hamuulizi mtoto amempita nani. Humuuliza: jana uliishia wapi?

Angalieni kuwa njia hii si ya ulegevu. Ubao hauoshwi kwa mtoto aliyekosea. Na hapa ndipo misemo ya haba na haba huharibika ikitumiwa vibaya: mtu huisema ili kumfariji asiyefanya kitu. Haba isiyopimwa haijazi kibaba.

Basi mzazi afanye nini? Achukue daftari dogo, na kila Ijumaa amuulize mtoto kitu kimoja tu: kipi wakijua leo ambacho wiki iliyopita hukukijua? Aandike tarehe na jibu, kisha mtoto aonyeshe. Akisema amejua kugawanya sehemu, apewe hesabu tatu azifanye. Zikimshinda, ubao haujaoshwa, atarudia. Wiki tatu zikipita kwa neno lilelile, mzazi ajue kuna kizuizi, naye aende akamwone mwalimu.

Huenda mtu akasema: je, Qur'ani haikutuamrisha kushindana katika mambo ya kheri? Naam, imetuamrisha. Lakini katika kheri mlango ni mpana, na anayetangulia hamfungii wa nyuma yake. Na katika hadithi ya Bibi Aisha, waliyoipokea Bukhari na Muslim, Mtume, rehema na amani zimshukie, alieleza kuwa amali ipendezayo zaidi kwa Mwenyezi Mungu ni ile inayodumu, hata ikiwa ndogo. Mashindano ya kuhifadhi nayo yana faida kwa mtoto aliyekwisha kuwa karibu na ushindi, naye anayapenda. Yakifanywa kipimo cha kila mtoto, huwavunja wengi ili kumpamba mmoja.

Karatasi ya matokeo itakapofika nyumbani muhula huu, tuiweke kando ya ile ya muhula uliopita ya mtoto yuleyule, tuzisome hizo mbili kwanza. Nafasi yake darasani tuiangalie mwisho.

Wabillahi tawfiq.