Damu ya mkojo imetoka wapi?

Mtoto wa miaka saba ana uso uliovimba asubuhi na mkojo wa rangi ya chai ya rangi. Wiki tatu zilizopita alikuwa na vidonda vya ngozi. Maabara huzungusha mililita kama 10 za mkojo wake mbichi kwenye mashine kwa dakika tano, humwaga maji ya juu, kisha huweka tone la mashapo chini ya hadubini.

Chembe nyekundu zinaonekana, lakini nyingi hazina umbo la duara: zimejikunja, nyingine zimeota vinundu. Huenda zimebanwa zikipenya kwenye vichujio vya figo. Ushahidi mzito zaidi ni kasti, kipande kirefu chenye kingo sambamba. Protini huganda ndani ya kijirija cha figo na kuchukua umbo lake, kama sabuni ndani ya kalibu. Kasti iliyojaa chembe nyekundu inaonyesha damu imetoka ndani ya figo, si kwenye kibofu. Kwa mtoto huyu, vichujio vimevimba, pengine kutokana na vijidudu vya vile vidonda.

Mtu mzima mwenye maumivu makali ya ubavu angeonyesha picha nyingine: chembe za duara na pengine fuwele za kalsiamu oksaleti, zinazofanana na bahasha. Hapo jiwe hushukiwa. Lakini fuwele pekee si ushahidi, maana mkojo ukipoa huzitengeneza wenyewe.

Kasti nazo huyeyuka mkojo ukikaa, kwa hiyo peleka sampuli maabara kabla ya saa mbili kupita.